Akaunti Imefungwa, Meseji Zimebaki kwa Nani?

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024, saa nne asubuhi, nilifunga akaunti ya mwenzangu wa kazini. Wakati huo nilikuwa nasimamia kompyuta na mifumo ya kampuni moja ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, ofisi ya watu 14. Bosi alipita mezani kwangu akasema, "Yule dada wa nyaraka anaondoka leo. Mfungie kila kitu kabla hajarudi kwenye meza yake." Nikafungua orodha ya watumiaji wa Slack, programu tuliyokuwa tukiandikiana humo shughuli zote za ofisi, nikabonyeza vidoti vitatu kwenye mstari wa jina lake, nikachagua `Deactivate account`, nikathibitisha. Haikuchukua hata dakika moja.

Yeye alikuwa chumba cha pili akikabidhiwa barua ya kuachishwa kazi. Kosa lililoandikwa ni utoro wa siku 6 za kazi mwezi Machi, na kwa kanuni za kazi za Tanzania kukosekana kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa kunaweza kumfukuzisha mtu. Akasema ruhusa anayo. Mama yake alikuwa amelazwa Tanga, akamwandikia mkuu wa kitengo kwenye Slack, naye akamjibu aende. Akaomba dakika tano akailete hiyo meseji. Alipofika mezani pake akakuta skrini inamtaka aingie upya, na kila alipojaribu ikamkatalia. Akanigeukia: "Kaka, mbona Slack hainitambui?"

Nilimjibu kwamba ameshafungiwa. Sikumwambia kwamba meseji yake ilikuwa bado ipo, kwa sababu kusema kweli sikuwa nimewahi kufikiria iko wapi, nani anaweza kuiona, na itakaa hapo mpaka lini. Nimeyajua hayo katika wiki nne zilizofuata, na ninayaandika kwa sababu ofisi nyingi zimehamishia maisha yao ya kazi kwenye programu hizi bila mtu yeyote kuuliza.

Jambo la kwanza ni kwamba akaunti ni ufunguo tu. Meseji hazikai ndani ya akaunti ya mtu. Zinakaa katika hifadhi ya ofisi nzima, na akaunti ndiyo inayompa mtu njia ya kuzifikia. Ukiifunga, umemnyang'anya mtu ufunguo, lakini chumbani hakijatoka kitu. Katika Slack mtu aliyefungiwa hutolewa papo hapo kwenye simu na kompyuta zote alizokuwa ameingilia. Jina lake linabaki juu ya kila alichoandika, likiwa na alama ya kuonyesha kwamba si mtumiaji tena. Faili alizotuma zinafunguka kama kawaida. Mwenzake akitaka kusoma kila alichoandika mahali ambapo na yeye anaruhusiwa kuingia, anaandika `from:@` na jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia, vinakuja vyote.

Kwa hiyo siku mtu anapofungiwa, watu 13 waliobaki hawapotezi chochote. Anayepoteza ni mmoja tu, yule aliyeandika. Ukilitazama jambo hili kwa macho ya mwajiri linaeleweka: mtu aliyeondoka hapaswi kuendelea kusoma mambo ya wateja. Ila katika kundi la meseji alizofungiwa zimo pia ushahidi wake, ahadi alizopewa, na maneno aliyoambiwa yeye binafsi. Programu haina njia ya kutenganisha hayo na bei za makontena.

Swali la pili ni nani kati ya waliobaki anaona nini, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyana. Wafanyakazi wengi huamini bosi anaweza kukaa ofisini kwake akasoma inboksi za watu wote. Mabosi wengi nao huamini hivyo hivyo. Bosi wetu aliamini. Jumatatu ya tarehe 13 aliniita akasema, "Nitolee mazungumzo yote ya yule dada. Nataka kujua alikuwa anaongea nini na wateja wetu."

Nilipoingia kama msimamizi niliona chaneli za wazi, zile ambazo kila mfanyakazi anaweza kuingia. Sikuona chaneli za faragha ambazo mimi mwenyewe sikuwa mwanachama wake, wala inboksi za watu wawili wawili. Hakuna kitufe cha kuyafungua mazungumzo hayo na kuyasoma, hata kwa mmiliki mkuu. Kinachoruhusiwa ni kutoa nakala ya data yote kwa pamoja, na nakala hiyo inatofautiana kulingana na mpango ambao kampuni inalipia. Kampuni iliyo kwenye mpango wa bure au ule wa `Pro` inaweza kujitolea nakala ya chaneli za wazi tu. Ikitaka za faragha na inboksi, inapaswa kuwaomba Slack wenyewe, nao hukubali katika hali chache: kukiwa na amri halali ya kisheria, kukiwa na ridhaa ya wanachama, au sheria inayohusika inapoipa kampuni haki au wajibu wa kuzipata. Kampuni iliyo kwenye `Business+` au mipango ya makampuni makubwa inaweza kuomba chombo cha kujitolea nakala ya kila kitu, pamoja na inboksi, na ikishakubaliwa haiombi tena kila mara. Wafanyakazi hawapigiwi simu kuambiwa kwamba nakala imetolewa. Mpaka mwaka 2018 kulikuwa na aina ya nakala iliyowajulisha. Mwaka huo utaratibu ukabadilishwa.

Mfanyakazi anayetaka kujua mwajiri wake yuko kwenye kundi gani hana haja ya kuuliza. Akiwa bado ana akaunti, afungue kwenye kivinjari anwani inayoanza na jina la ofisi yake na kuishia na `.slack.com/account/team`. Ukurasa huo unaeleza meseji zinahifadhiwa kwa muda gani na wamiliki wanaweza kutoa nakala ya vitu gani. Nimewaonyesha ukurasa huo watu wengi tangu wakati ule na sijakutana na hata mmoja aliyekuwa anaujua.

Sisi tulikuwa kwenye mpango wa bure. Nikamweleza bosi kwamba za inboksi siwezi kumtolea. Akafikiri kidogo, kisha akasema neno ambalo nilikuja kugundua husemwa katika ofisi nyingi: "Si baruapepe yake ni ya kwetu?"

Alichokuwa anakitaka ni hiki. Slack humruhusu mtu kuingia bila nywila, kwa kutumiwa kodi ya herufi na tarakimu sita kwenye baruapepe. Baruapepe ya yule dada ilikuwa chini ya jina la kampuni, kwa hiyo mimi ningeweza kujipa njia ya kuingia kwenye sanduku lake la barua, kuirudisha akaunti yake ya Slack, kuomba kodi, kuisoma, kisha kuingia kama yeye. Inboksi zake zote zingekuwa wazi mbele ya bosi. Masharti yote niliyoyaeleza hapo juu yangekuwa yamerukwa kwa njia ya uani.

Nilikataa, na sababu niliyompa ilikuwa ya kifundi kabla ya kuwa ya haki. Mtu akiingia kwa jina la mwingine, mfumo unaandika kwamba aliyeingia ni mwenye jina. Siku hiyo tungepoteza uwezo wa kusema kwa uhakika nani alisoma, nani aliandika na nani alifuta nini katika akaunti ile. Kama shauri lingefika mbele ya mwamuzi, kila meseji ambayo kampuni ingeileta ingekuwa na doa. Pia kuna alama zinazobaki: Slack huweka kumbukumbu ya kila kuingia, tarehe, aina ya kifaa na anwani ya mtandao. Kila mtumiaji anaweza kuziona za kwake kwenye `my.slack.com/account/logs`. Mfanyakazi akishuku kwamba mtu anaingia kwa jina lake akiwa likizo, hapo ndipo pa kutazama kwanza, kabla akaunti haijafungwa.

Na iko sababu nyingine ambayo sikuwa na maneno yake siku ile. Mwaka 2007 mhandisi mmoja nchini Romania, Bogdan Bărbulescu, alifukuzwa kazi baada ya mwajiri kufuatilia mazungumzo yake ya Yahoo Messenger kuanzia tarehe 5 hadi 13 Julai. Akaunti ile aliifungua kwa maagizo ya mwajiri, ya kujibia wateja. Aliposema ameitumia kwa kazi tu, aliwekewa mezani kurasa 45 za maneno yake, yakiwemo aliyoandikiana na ndugu yake na mchumba wake. Shauri lilifika mpaka Baraza Kuu la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambalo tarehe 5 Septemba 2017 liliamua kwa majaji 11 dhidi ya 6 kwamba faragha yake haikulindwa. Majaji hawakusema mwajiri haruhusiwi kabisa kutazama. Walichouliza ni kama mfanyakazi alijulishwa mapema kwamba mazungumzo yake yanaweza kufuatiliwa na kwa kiasi gani, kama kulikuwa na sababu ya maana, na kama hapakuwa na njia nyingine isiyochimba ndani kiasi kile. Hukumu hiyo haitufungi sisi Tanzania. Lakini maswali yale ndiyo ninayoyauliza sasa kila bosi anaponiambia "nitolee".

Wakati bosi anahangaika na inboksi za mtu, saa ya mwenye inboksi ilikuwa inakwenda. Hapa ndipo penye uzito, naomba msomaji anifuate kwenye tarehe.

Meseji ya ruhusa iliandikwa Ijumaa ya tarehe 1 Machi 2024. Kwenye mpango wa bure, Slack huonyesha meseji za siku 90 tu zilizopita; zaidi ya hapo hazionekani kwa yeyote, mkubwa wala mdogo, mpaka kampuni ilipie. Tangu Agosti 2024 imeongezwa hatua nyingine: zilizopita mwaka mmoja kwenye mpango huo hufutwa moja kwa moja, na hapo hata ukilipa hazirudi. Siku 90 kutoka tarehe 1 Machi zinaishia tarehe 30 Mei. Yule dada aliachishwa siku ya 70. Kwa utaratibu wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mfanyakazi anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 za kufungua lalamiko. Kwake yeye siku hizo zilifika tarehe 9 Juni. Yaani meseji ingepotea machoni pa kila mtu siku 10 kabla muda wake wa kulalamika haujaisha. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ni hesabu mbili zilizowekwa na watu wasiojuana, moja ya biashara ya programu na nyingine ya sheria ya kazi, zikakutana juu ya kichwa cha mtu mmoja.

Kulikuwa na hatari ya pili iliyo karibu zaidi. Meseji ile iliandikwa na mkuu wa kitengo, na Slack isipowekewa mpangilio mwingine humruhusu mtu kuhariri au kufuta alichokiandika mwenyewe wakati wowote. Yule dada alikuwa amefungiwa nje. Mwenzake aliyebaki ndani alikuwa na uwezo wa kuufuta mstari ule kwa vidole viwili. Kampuni zinazolipia zinaweza kuweka mpangilio unaohifadhi hata yaliyofutwa na kuhaririwa, yakaonekana kwenye nakala ingawa hayaonekani kwenye skrini. Sisi hatukuwa nao. Hiyo ndiyo maana ya kufungiwa ambayo haielezwi kwenye barua ya kuachishwa: mazungumzo ya watu wawili yanabaki mikononi mwa mmoja.

Nilimpigia simu tarehe 20. Nilikuwa na wasiwasi, lakini sikuona ningemwangalia vipi usoni tukikutana kama ningenyamaza. "Dada," nikamwambia, "meseji yako ipo, ila ina siku kumi. Andika barua kwa kampuni. Usiombe inboksi yote. Taja mtu uliyeandikiana naye na tarehe, waambie waitunze isifutwe, na waambie unaihitaji." Akaniuliza kama kupiga picha ya skrini ya mtu mwingine kungetosha. Nikamwambia inasaidia, ila isiwe ndiyo peke yake.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini uzito wake unapimwa kwa jinsi ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na kama anayedaiwa kuuandika anatambulika. Picha ya skrini inaonyesha jina na saa, ila jina la kuonyeshwa linabadilishwa na mtu yeyote kwa dakika moja. Nakala inayotolewa na mfumo ina vitu ambavyo picha haina. Mstari ule ungetoka kwenye nakala ungekuwa na sura hii:

```json
{
  "user": "U05K2M7QX",
  "type": "message",
  "ts": "1709280000.000100",
  "text": "Sawa nenda, nitawaambia utawala"
}
```

Hapo `user` ni namba ya mwandishi ndani ya ofisi ile, na haibadiliki hata akibadilisha jina. `ts` ni sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za dunia. Ukizigeuza kwa saa za Afrika Mashariki unapata tarehe 1 Machi 2024, saa tano kamili asubuhi. Katika nakala hiyo hiyo kuna faili linaloitwa `users.json`, lenye orodha ya kila mtu aliyewahi kuwa mtumiaji. Mbele ya aliyefungiwa pameandikwa `"deleted": true`, yaani amefutwa. Ni neno linalopotosha watu. Hakuna kilichofutwa, namba yake ipo na maneno yake yote yamefungamanishwa nayo.

Barua yake ilifika tarehe 23. Ilikuwa ya nusu ukurasa, na nadhani nguvu yake ilikuwa ni hiyo. Haikudai "mazungumzo yangu yote ya miaka minne", jambo ambalo kampuni ingelikataa kwa kusema humo mna siri za wateja. Ilitaja mstari mmoja, mtu mmoja, tarehe moja. Ilikumbusha kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine. Na ilisema kwamba mwamuzi wa Tume anaweza kumwita mtu alete hati. Kenya, ambako sheria ya mwaka 2019 imeshazoeleka zaidi, kanuni zinamtaka anayeshikilia taarifa ajibu ombi la namna hii ndani ya siku 7.

Bosi alimpelekea wakili wa kampuni. Wakili, ambaye mimi nilitegemea angetafuta njia ya kukwepa, alisema neno fupi: kuanzia dakika hii asifute mtu chochote, maana kikipotea sasa mtaonekana mmekipoteza ninyi. Tarehe 27 mkuu wa kitengo alikaa mbele ya kompyuta yake, tukiwa watu watatu nyuma ya kiti chake, akafungua inboksi yake na yule dada. Jina lake lilikuwa limepauka, na sehemu ya chini ya kuandikia ilikuwa imefungwa, kwa sababu aliyefungiwa haandikiwi tena. Akapanda juu taratibu, Aprili, kisha Machi. Mstari ulikuwepo. Mkuu wa kitengo aliusoma kwa sauti ya chini, akakaa kimya, halafu akasema, "Nilisahau kuwaambia utawala." Nilimwamini wakati ule na ninamwamini leo. Ukurasa ulichapishwa, watu wote wanne tukasaini pembeni na kuandika saa. Tarehe 29, siku moja kabla ya pazia kushuka, kampuni ilianza kulipia mpango wa `Pro`, siku 90 zikaacha kutuhusu.

Kabla sijaeleza shauri lilivyoisha, niseme machache kuhusu ofisi zisizotumia Slack, maana jibu la "nani anabaki na meseji" linageuka kulingana na programu. Kwenye Teams ya Microsoft, meseji ya watu wawili huwekwa nakala kwenye sanduku la barua la kila mmoja, katika folda iliyofichwa ambayo mwenye sanduku haioni. Aliyebaki anaendelea kusoma mazungumzo upande wake. Akaunti ya aliyeondoka ikifutwa, hukaa siku 30 ambazo ndani yake inaweza kurudishwa, na baada ya hapo nakala ya upande wake hupotea isipokuwa kampuni iliweka sera ya kuihifadhi. Kinachowashtua watu wengi ni faili. Faili lililotumwa kwenye mazungumzo ya watu wawili halikai kwenye mazungumzo. Linakaa kwenye OneDrive ya aliyelituma. OneDrive hiyo ikiondolewa, waliobaki wanaona jina la faili, wakilibonyeza halifunguki. Kwa hiyo katika Teams waliobaki nao wanaweza kupoteza.

WhatsApp, ambayo ndiyo ofisi halisi ya wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na kwingineko, inapindua kila kitu. Hakuna hifadhi ya ofisi. Meseji zipo ndani ya simu za watu. Ukimtoa mtu kwenye kundi, haoni yajayo, lakini yote yaliyopita anaondoka nayo mfukoni, bei, namba za wateja na picha za hati. Anayeingia mpya hakuti historia yote ya kundi kwenye simu yake. Hapo anayebaki mtupu ni mwajiri. Kuna hali moja ya kuangaliwa: laini ya simu ikiwa ni ya kampuni, mfanyakazi akiirudisha, atakayepewa anaweza kuisajili WhatsApp kwa kodi ya tarakimu sita inayokuja kwa meseji ya kawaida. Hatapata mazungumzo ya zamani bila hifadhi ya akiba ya mwenye simu. Lakini atajikuta kwenye makundi ya mwenzake, hata ya ukoo na kikoba, na atapokea yanayoandikwa kuanzia siku hiyo. Anayerudisha laini afute kwanza akaunti yake ya WhatsApp kwenye laini hiyo, au aihamishie kwenye namba yake binafsi, kabla hajaitoa kadi kwenye simu.

Turudi kwa yule dada. Alifungua lalamiko tarehe 6 Juni. Halikufika kwa mwamuzi. Liliishia kwenye usuluhishi, na masharti yake ni yao wenyewe. Ninachoweza kusema ni kwamba hakurudi kazini, na kwamba alipotoka pale alikuwa ametulia.

Wiki mbili baadaye alinipigia. Alisema kuna kitu kingine hajawahi kukidai kwa sababu aliona aibu kukiweka kwenye barua. Slack humpa kila mtu inboksi ya kujiandikia mwenyewe, na yeye aliifanya daftari. Humo alikuwa ameandika majina ya dawa za mama yake na vipimo vyake, tarehe za kliniki, na namba ya muuguzi mmoja wa Tanga aliyekuwa akimsaidia. Inboksi ya namna hiyo haina mtu wa pili. Mkuu wa kitengo hakuwa nayo, mimi sikuwa nayo, bosi hakuwa nayo. Ilikuwemo ndani ya hifadhi yetu, na katika dunia nzima hapakuwa na mtu wa kuisoma.

Nilimweleza bosi bila kuficha. Nilidhani atakataa. Alinyamaza, akauliza mama anaendeleaje, kisha akasema, "Mwite Jumamosi, ofisi ikiwa haina watu. Ukae naye." Alikuja saa tatu na daftari la shule la kurasa 48. Niliirudisha akaunti yake, akaingia mwenyewe kwa kodi iliyotumwa kwenye baruapepe yake, nami nikakaa kando ambako niliona mikono yake lakini si maneno. Alinakili kwa kalamu kwa muda wa kama nusu saa. Mara mbili alisimama kuhakiki tahajia ya dawa. Alipomaliza alifunga daftari, akasogeza kiti nyuma.

"Tayari, kaka," akasema.

Nikafungua orodha, nikabonyeza vidoti vitatu, nikamfungia kwa mara ya pili.